Mrejesho: sikuacha kazi, na kusi limenionyesha kwa nini

Niliuliza: "Nina akiba ya 240,000, matumizi ya nyumbani ni 30,000 kwa mwezi. Niache kazi ya mapokezi Shela nikauze samaki wa friza, au nishike vyote?"

Assalaam alaykum wakubwa. Mimi nilijipa miezi minane. Mmoja wenu akaniambia nitoe kwanza mtaji, ndipo nigawanye. Friza na maboksi ya barafu 70,000, ya dharura 50,000. Zikabaki 120,000. Kodi na stima za biashara 10,000, jumla 40,000 kwa mwezi. Miezi mitatu tu! Ningeacha kazi Mei, akiba ingeisha Julai, kusi limechacha.

Basi nikabaki kazini. Shemeji ananunua asubuhi mashua zikifika, mimi nasambaza jioni. Juni kuna siku nane mfululizo hatukupata hata changu mmoja, friza linanguruma tupu na tokeni zinaliwa. Mshahara ndio uliolisha nyumba.

Lililonishtua zaidi ni hoteli moja, hulipa baada ya siku thelathini. Daftari lasema faida 11,000, mfukoni sina hata ya barafu. Sasa nahesabu pesa iliyoingia tu, na hoteli haipati zaidi ya robo ya mzigo.

Oktoba imebaki 17,000, Novemba 21,000. Nitaandika barua ya kuacha kazi ikifika 30,000 miezi mitatu mfululizo, mmoja wao uwe wa kusi. Mke wangu asema mimi mwoga. Haya, na aseme.