Tupeane uzoefu: meseji ya kwanza kwenye apu ya kutafuta mwenza, kwa lugha unayojifunza bado

Mtoa mada
Wakuu, habari za jioni. Nipo Leipzig, nasomea uuguzi, Kijerumani changu ni cha ngazi ya A2, bado cha mwanzo. Juzi nimechaguana na dada mmoja kwenye apu. Picha yake nzuri, amekaa kando ya ziwa na mbwa mweusi. Nikataka kumwambia kwamba nimempenda pale kwenye picha na mbwa. Nikakaa karibu saa nzima na daftari, nikaandika:

*Ich habe dich auf dem Foto mit dem Hund geliebt.*

Akajibu kwa maneno manne: *Und jetzt nicht mehr?* Yaani, na sasa basi? Nikaduwaa. Sarufi niliikagua mara tatu. Nilikosea wapi? Na ninyi mlioandika kwa lugha ya kujifunza, yaliwakuta yapi?

Mwalimu wa jioni
Ndugu, sarufi yako haina kosa. Kilichokuponza ni "-me-" yetu. Ukisema "nimekupenda", mapenzi yameingia na bado yapo, kama "amelala" ni mtu aliye usingizini sasa hivi. Sasa *habe geliebt* kwa Mjerumani ni jambo lililopita. Amesoma kwamba ulimpenda, yakaisha.

La pili ni kitenzi chenyewe. Sisi "kupenda" tunakitumia kwa mama, kwa pilau na kwa mchumba. Wao *lieben* kwa mtu usiyemjua ni zito mno. Kwa picha wana *gefallen*, na hapo kinachopendeza ndicho kinachotangulia: *Dein Foto am See gefällt mir.* Kama tunavyosema "picha yako imenipendeza". Kisha umuulize jambo ambalo ni yeye tu anayeweza kulijibu: *Wie heißt dein Hund?* Yaani, mbwa wako anaitwa nani?

Baba Zuhura
Mimi nasema kosa ni kumwita *dich*. Mtu humjui, mwandikie *Sie*. Heshima kwanza, popote duniani.

Mwalimu wa jioni
Kwa mwenye nyumba au ofisini, uko sahihi kabisa, mzee wangu. Kwenye apu hizi watu huanza na *du*, ile "wewe" ya kawaida, moja kwa moja. Ukimwandikia *Sie* atahisi amepata barua ya benki.

Mama Hawa
Samahani jamani, mume wangu yuko Ujerumani, nataka kumfuata. A1 inatosha?

Mwalimu wa jioni
Dada, hiyo ni mada nyingine, lakini kwa visa ya kumfuata mwenza kwa kawaida wanataka A1. Uliza ubalozini kabla hujalipia mtihani.

Mkenya wa Lyon
Yangu ilikuwa Kifaransa, na niliharibu kwa kupitia Kiingereza. Nilitaka kusema nina hamu ya kukutana naye. Nikaandika *Je suis excitée de te rencontrer.* Jibu lililokuja lilikuwa chafu, nikamfungia palepale. Wiki moja baadaye rafiki yangu wa darasani akanieleza kwamba *excitée*, hasa kwa mtu wa apu, inasikika kama hamu ya mwili. Ningesema *J'ai hâte de te rencontrer.* Bado sijamsamehe yule kaka, ila sasa najua alichosoma.

Binti wa Nyali
Mimi niliandikiwa. Mjerumani anayejifunza Kiswahili, tena tunalingana umri, akaanza: "Shikamoo dada, ninataka wewe. Nimeona unapenda kuogelea. Unaogelea wapi?" Shikamoo ilinizeesha, na "ninataka wewe" ingetosha kunifanya nifute. Lakini lile swali la mwisho lilikuwa langu, halikuwa la kila msichana. Nikamjibu, nikamweleza kwamba kwa rika letu "mambo" au "habari" inatosha, na kwamba "ningependa kukufahamu" ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Mkenya wa Lyon
Je, mnasema mapema kwamba mnajifunza? Mimi naona bora, mtu asikusome vibaya.

Binti wa Nyali
Mimi nisingependa. Yule angeniambia mapema, ningehamia Kiingereza, na mazungumzo yetu yasingekuwa yale.

Mtoa mada
Mimi nimesema, na hakuhama. Nilimwandikia: *Ich lerne noch Deutsch. Auf Swahili heißt mein Satz: Du gefällst mir, jetzt.* Yaani bado najifunza Kijerumani, na kwa Kiswahili sentensi yangu ni kwamba unanipendeza, sasa. Nikamuuliza jina la mbwa. Akajibu aya nzima, mbwa anaitwa Bruno, na ziwa ni Cospuden. Jana usiku kamalizia hivi: *Meld dich, wenn du magst.* Naelewa kwamba nimtafute nikipenda. Mwalimu, huo ni mwaliko, au ni adabu ya kuagana?

Mwalimu wa jioni
Kwa maneno peke yake hata mimi siwezi kukuambia. Kabla ya hapo alikuuliza swali lolote?

Mtoa mada
Aliuliza siku gani sina zamu.