Ulinganisho: puti za mbali za S&P 500, au kupunguza hisa na kununua dhamana za hazina?

Kipanga_Mwanza
Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Marekani, na karibu akiba yangu yote ya muda mrefu imo katika mfuko unaofuata S&P 500, fahirisi ya hisa za makampuni makubwa ya Marekani. Nataka kujikinga na anguko kama lile la Machi 2020 bila kuuza hisa. Nimefikiria kununua kila robo mwaka puti za mbali, yaani haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa, ambapo bei hiyo ya utekelezaji iko asilimia 30 chini ya soko, na kuendelea hivyo mwaka hadi mwaka. Njia ya pili ni kuuza sehemu ya hisa na kununua dhamana za hazina za muda mfupi. Ninapaswa kuamua kabla ya mwisho wa mwezi. Ipi ni bora?

Bi_Rehema
Ndugu, umemuuliza fundi bei ya suti bila kumpa vipimo. Akiba yako ni kiasi gani? Imo katika akaunti ya kawaida au ya kustaafu, na unatarajia kuanza kuitumia lini? Isitoshe, je, wakala wako ameshakuruhusu kununua opsheni kama hizi puti?

Simba_wa_Soko
Mimi sioni haja ya maswali mengi. Mfuko wa Universa wa Mark Spitznagel uliripotiwa kupata faida ya asilimia 4,144 katika miezi mitatu ya kwanza ya 2020, na kazi yake ni hizo hizo puti za mbali. Weka sehemu ndogo tu huko, kisha ulale usingizi.

Mzee_Hesabu
Simba, tarakimu hiyo ni kweli iliripotiwa, lakini ni faida juu ya mtaji mdogo uliotengwa kwa ajili ya kinga, si juu ya akiba yote ya mteja. Asiyetofautisha mambo hayo mawili atadhani kwamba dola 1,000 za puti zitafidia hasara ya dola 60,000.

Kwa kuwa mwenye mada bado hajatupa vipimo, nitachukulia akiba ya dola 200,000 na fahirisi ikiwa 6,000. Ningetumia puti za XSP, fahirisi ndogo ambayo ni sehemu moja ya kumi ya SPX, yaani S&P 500 yenyewe, kwa hiyo inasomeka 600. Mkataba mmoja huzidisha kwa 100, hivyo unawakilisha takriban dola 60,000, hulipwa kwa fedha taslimu, na hauwezi kutekelezwa kabla ya siku yake. Mikataba mitatu inakaribia kufunika akiba yote. Katika soko tulivu, puti ya miezi mitatu ya 420 inaweza kugharimu kama senti 80, yaani dola 80 kwa mkataba. Mitatu ni dola 240 kwa robo mwaka na 960 kwa mwaka, chini kidogo ya nusu asilimia ya akiba. Bei hizi ni za kukadiria, nanyi mtazikuta tofauti kwenye skrini.

Sasa tuseme soko linaanguka asilimia 30 ndani ya mwezi mmoja. XSP inafika 420, puti imebakiwa na miezi miwili, na kwa kuwa hofu imepandisha bei za opsheni zote, inaweza kuuzwa kwa takriban dola 40. Mikataba mitatu inaleta dola 12,000, wakati akiba imepoteza 60,000. Kinga imerudisha sehemu moja ya tano, na hilo ni jambo jema, lakini ni tofauti kabisa na kusema umekingwa.

Bi_Rehema
Na ikiwa soko litashuka polepole?

Mzee_Hesabu
Hapo ndipo penye mgogoro. Kuanzia Januari hadi Oktoba 2022, S&P 500 ilishuka takriban asilimia 25, lakini ilichukua miezi tisa. Anayenunua puti ya asilimia 30 chini kila robo mwaka huanza upya kutoka kiwango kipya kila mara, kwa hiyo soko halikuwahi kuikaribia bei yake ya utekelezaji. Alipata hasara ya hisa na hasara ya puti pamoja, na puti zenyewe zilikuwa ghali kuliko katika miaka ya utulivu. Mtu aliyehamishia asilimia 10 ya akiba kwenye dhamana za hazina angeokoa asilimia 10 ya hasara yake, iwe soko limeshuka kwa wiki tatu au kwa mwaka mzima.

Gharama nazo hazitofautiani sana. Ukihamisha dola 20,000 kwenda kwenye dhamana, na ukachukulia kwamba hisa huzizidi dhamana kwa asilimia 4 kwa mwaka, unaacha dola 800 kila mwaka. Katika anguko la asilimia 30, dola hizo 20,000 zinakuokolea 6,000. Puti ziliokoa 12,000 katika anguko la haraka, na katika lile la polepole hazikuokoa kitu. Kwa hiyo swali halisi la Kipanga ni kama anaogopa kasi ya anguko au ukubwa wake.

Simba_wa_Soko
Lakini mwenye dhamana hawezi kununua hisa kwa bei ya kutupa wakati wengine wanakimbia. Mwenye puti anaweza.

Bi_Rehema
Mwenye dhamana anaweza pia, Simba. Anaziuza tu.

Jirani_Kisauni
Samahani kwa kuingilia. Mimi nina hisa za makampuni matatu ya Nairobi. Je, ninaweza kununua puti hizi za S&P kuzikinga?

Mzee_Hesabu
Ungekuwa unakinga nyumba ya jirani. Hisa zako zinaweza kuanguka kwa sababu za Kenya wakati S&P inapanda. Tangu Julai 2019 soko la Nairobi lina mikataba ya baadaye, ikiwemo ya hisa moja moja, kwa hiyo anzia huko, na tafadhali ufungue mada yako.

Fundi_Chati
Naomba nieleze yaliyonipata Aprili 2025, kwa sababu hapa watu wanazungumza kana kwamba kuuza puti ni kubonyeza kitufe. Nilikuwa na puti za XSP za mbali tangu Februari. Tarehe 3 na 4 Aprili fahirisi ilipoteza zaidi ya asilimia 10 kwa siku mbili, na puti zangu zikapanda mara nyingi, ingawa soko lilikuwa bado mbali na bei ya utekelezaji. Ni hofu tu iliyozipandisha. Jumatatu nilitaka kuuza nusu. Skrini ilionyesha mnunuzi wa dola 3 na muuzaji wa dola 7, na hapakuwa na kitu katikati. Niliweka 5, haikuguswa. Nikashusha hadi 4.50, mtambo wa wakala ukaganda, na nilipofanikiwa kuingia tena agizo langu lilikuwa limefutwa bila maelezo. Nilipiga simu, nikasikiliza muziki wa kusubiri kwa muda mrefu, kisha nikaambiwa nijaribu tena baadaye. Tarehe 9 soko likapanda asilimia 9.5 kwa siku moja. Niliziuza zote kwa bei ambayo haikurudisha hata jumla ya nilichokuwa nimelipa kwa puti tangu mwaka uliotangulia.

Simba_wa_Soko
Ndiyo maana husubiriwa hadi siku ya mwisho ya mkataba. Hapo hakuna haja ya mnunuzi.

Mzee_Hesabu
Kwa puti za mbali ushauri huo ni hatari. Mwaka 2020 VIX, kipimo cha hofu ya soko, ilifunga kwa 82.69 tarehe 16 Machi, wiki nzima kabla ya soko kufika chini tarehe 23, na baada ya hapo soko lilirudi kwa kasi. Thamani kubwa ya puti hizi hutokana na hofu, nayo hupoa mapema. Ninachofanya mimi ni kuandika kanuni kabla: nikiona bei imefika mara kumi ya niliyolipa, nauza theluthi moja, ikifika mara ishirini nauza theluthi nyingine. Maagizo yanakaa kwenye mfumo tangu siku ya kununua. Vilevile, siku zote nauza puti ya zamani ikiwa imebakiwa na mwezi mmoja, maana mwezi wa mwisho ndio unaoyeyusha kilichobaki.

Fundi_Chati
Maagizo yaliyowekwa mapema nayo hufutwa na baadhi ya mawakala baada ya siku 90. Uliza kwanza.

Bi_Rehema
Kuna jambo lingine. CalPERS, mfuko wa pensheni wa California, ulikuwa na kinga ya aina hii na ukaiondoa muda mfupi kabla ya anguko la 2020, kwa sababu gharama ilionekana haina faida. Ikiwa taasisi yenye wataalamu na kamati ilichoka, Kipanga, utaweza kulipa dola 960 kwa mwaka wa saba mfululizo huku mkeo akiuliza fedha hizo zinakwenda wapi?

Kipanga_Mwanza
Asanteni nyote. Akiba ni dola 140,000, akaunti ni ya kustaafu, na nina miaka 19 kabla ya kuanza kuitumia. Wakala anaruhusu kununua puti. Mke wangu hajui bado.

Bi_Rehema
Miaka 19, na bado unachangia kila mwezi?

Kipanga_Mwanza
Ndiyo, kila mwezi.

Bi_Rehema
Basi anguko la mwaka kesho litakununulia hisa kwa bei rahisi. Sioni unakinga nini.

Mzee_Hesabu
Hapo sikubaliani nawe kikamilifu, dada. Anguko huja pamoja na kupunguzwa kazi, na michango hukoma wakati huo huo. Kipanga, kazi yako iko katika sekta gani?