Kuponi ya nusu bei: kuingia dakika mbili, kutoka hakuna mwenye mlango

Mbishi wa Sakina
Mods msiunganishe huu uzi na mwingine, niacheni nipumue. Wale jamaa wa kuponi za muvi nusu bei mnawajua, wenye bango la njano linaloonekana mpaka Namanga. Mtu anataka kusitisha usajili wa programu ya muvi aliyoinunulia kuponi, anaenda dirishani kwa adabu zote, dada hata macho hayainui kwenye simu: "Kaka, kuponi ni kama tiketi ya basi. Ukishapanda umepanda."

Basi gani lisilo na kituo cha kushuka?

Wenye programu nao ukiwauliza: "Rudi ulikonunua." Ukifungua akaunti, pale kinapotakiwa kuwa kitufe cha kusitisha pameandikwa usajili unasimamiwa na mshirika. Mshirika ndiye huyo huyo wa tiketi ya basi! Na kadi waliyotaka tujaze siku ya kwanza, eti "ya uhakiki tu", imo humo inasubiri miezi 6 iishe waanze kukata 15,000 kila mwezi. Ukishapanda umepanda. Mbele ya foleni nzima!

Chalii wa Unga Ltd
😂😂 Nusu bei, na huduma nusu.

Dogo Delete
Mbona rahisi, futa programu kwenye simu. Au toa hela zote kwenye kadi, watakata upepo.

Karani Mstaafu
Dogo, kufuta programu hakusitishi chochote, makato yanatoka kwenye akaunti. La kadi tupu ni kweli nusu: makato yatagoma, lakini usajili unabaki hai na wanaweza kujaribu tena. Siku ukiweka hela ya kununua kitu kingine, wanaikuta.

Mbishi, hapo kuna hela mbili, nao wanafaidika ukizichanganya. Uliyokwisha kulipa, idai kwa aliyekuuzia. Itakayokatwa baadaye iko kwa mwenye programu, maana kadi umeijaza kwake na muuzaji haioni. Anza na hiyo. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari, si kwenye programu, kwa kuwa mara nyingi ndani ya programu sehemu ya malipo haionekani. Zima kujihuisha, kisha toa kadi. Ikigoma kutoka, waandikie, usipige simu. Uliza matatu tu: kuponi yenye namba hii iliwashwa lini, imesajiliwa kwa mshirika gani, na makato yajayo ni tarehe gani. Habari ya kurudishiwa hela usiiguse kwenye ujumbe huo, ukiigusa watakujibu "rudi dukani" na kufunga faili.

Wakitaja mshirika usiyemjua, ujue duka lilinunua kwa mtu wa kati. Dada wa dirishani hana pa kubonyeza, ndiyo maana anatoa methali.

Mbishi wa Sakina
Ukishapanda umepanda!! Na 45,000 yangu je?

Karani Mstaafu
Kuponi ambayo haijatumika, muuzaji anaweza kuifuta. Iliyowashwa hawezi, mpaka mwenye programu aizime, na huyo naye hazimi bila ombi la mshirika. Hapo ndipo mnapozungushwa. Kwa hiyo mwambie muuzaji kwa maandishi atume ombi la kuzima, akupe nakala. Ukiwa umetumia miezi 2 kati ya 6, dai miezi 4, yaani 30,000. Ukidai yote unawapa sababu ya kukataa yote. Risiti ya EFD unayo?

Mbishi wa Sakina
Walituma picha ya kuponi kwa Wasap.

Chalii wa Unga Ltd
Picha 😂😂😂 Abiria hana hata tiketi!

Mama Mbuyuni
Mwacheni kaka wa watu. Ulilipa kwa lipa namba? Tafuta ile meseji ya malipo, ina jina la aliyepokea, kiasi na namba ya muamala. Lalamikia jina hilo, la kwenye bango huenda halijasajiliwa popote.

Dogo Delete
Si aombe mtandao urudishe muamala?

Mama Mbuyuni
Hiyo ni ya hela iliyokosea njia. Hapa mpokeaji atasema mteja amepewa kuponi na kaitumia.

Jirani Kiboriloni
Apeleke TCRA wafungiwe.

Karani Mstaafu
Duka la kuponi si kampuni ya simu. Mimi ningeanza na Tume ya Ushindani, FCC, na maandishi ya pande zote mbili mkononi.

Jirani Kiboriloni
TCRA, mzee. Intaneti ni yao.

Mangi Asiyekopa
Afadhali nyie wa muvi. Huku Moshi kuna gym iliuza kuponi za mwaka, wakabadilisha mmiliki. Mpya anasema kuponi ni deni la wa zamani, wa zamani anasema vyuma viko kwa mpya.

Chalii wa Unga Ltd
Mangi kalipia gym ya mwaka? Moshi hii hii?

Mangi Asiyekopa
Nusu bei, chalii.

Jirani Kiboriloni
Gym ipi, ile ya ghorofani? Mke wangu ana kuponi yake, haijakwanguliwa.

Mama Mbuyuni
Asiikwangue! Airudishe leo kabla hawajafunga.