Vidole vya wazee vimelika: tuondoe sharti la alama au tulitengeneze?

Mjukuu, Marereni: Nyanya ana miaka 78. Alikwangua chumvi huku kwetu tangu kabla sijazaliwa, na viganja vyake sasa ni kama ubao uliopigwa randa. Mara tatu nimempeleka kwa wakala kuchukua pesa za wazee, mara tatu mashine imekataa vidole vyake. Kila safari ni bodaboda ya shilingi 400. Mnaonaje, sharti la kidole liondolewe kabisa kwa wazee, au kuna njia nyingine ya kuwalipa?

Mhasibu, Mombasa: Pole kwa nyanya, lakini naomba tusikimbilie kuondoa. Wengine hapa mmesahau enzi za orodha ya karatasi. Jina linaitwa, anajitokeza mtu yeyote, anatia dole la wino, anaondoka na pesa. Marehemu walikuwa wakilipwa miaka. Kidole hakifi kikaendelea kupokea. Inua Jamii ya wenye miaka 70 na zaidi ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mzee, na ukizidisha kwa nchi nzima ni mabilioni. Mashine ikimkataa mtu, mara nyingi ni kwa sababu siye.

Fundi wa mashine, Kilifi: Hapo mwisho umeteleza, ndugu. Nimesajili watu kwa mashine hizi miaka kadhaa, na kwa wazee kukataliwa mara nyingi hakuna maana kwamba siye.

Tuanze na nyanya. Kuna makosa mawili yanayofanana kwa macho. Moja ni la siku ya kusajiliwa: foleni ndefu, karani amechoka, gumba linatoa picha yenye ukungu, naye anaikubali ili apite mwingine. La pili ni la siku ya malipo: picha iliyohifadhiwa ni nzuri, ila kidole hakisomeki siku hiyo. Kama kosa ni lile la kwanza, hata mkimpaka mafuta kila mwezi mnajisumbua, kwa sababu kidole cha leo kinalinganishwa na picha mbovu. Njia ya kujua ni rahisi. Mwambieni wakala ajaribu vidole vyote vilivyosajiliwa, siku mbili tofauti, asubuhi. Vikikataa vyote siku zote mbili, dai asajiliwe upya. Kama kimoja kinapita leo na kukataa kesho, usajili uko sawa, shida ni ngozi au namna ya kugusa.

Na ngozi yenyewe iko hivi. Kidole kina matuta na mifereji, na mashine ya mwanga inataka matuta yaguse kioo, mifereji isikiguse. Uzeeni ngozi hupungua unene, hukauka na hupoteza mnyumbuko, halafu mikunjo midogo inayakatakata matuta. Kisha wakala anasema "bonyeza sana mama". Hapo ngozi laini inalala yote kwenye kioo na picha inatoka doa jeusi. Cha kufanya ni kinyume chake: futa kioo, mtoe mzee juani (jua kali likipiga kioo mashine huchanganyikiwa), aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu, afute, aweke kidole kama anayegusa shavu la mtoto. Kikiwa kikavu mno, tone la mafuta kisha yafutwe. Wengi hung'ang'ania gumba na kidole cha shahada, na hivyo ndivyo kazi ya mikono humaliza kwanza. Jaribuni cha pete.

Mwalimu mstaafu, Voi: Mimi nilistaafu ualimu mwaka jana, faili langu liko Nairobi, naambiwa barua moja haionekani. Alama zangu zinasoma vizuri kabisa na bado sijalipwa. Kwa hiyo msidanganyane, tatizo si vidole.

Mjukuu, Marereni: Mwalimu, shikamoo. Hiyo yako ni pensheni ya kazi, na kilichokwama ni karatasi. Nyanya hakuwahi kuajiriwa kwa barua hata siku moja. Pesa yake imeshaingia, iko pale, anayezuiwa ni yeye kuifikia.

Mwalimu mstaafu, Voi: Marahaba. Basi nimekuelewa. Lakini yangu nayo semeni mtakapoimaliza hiyo.

Wakala, Malindi: Nitetee kidogo upande wetu. Mzee akikataliwa na mashine, mimi sina kitufe cha kusema "namjua". Namjua! Alimzalisha dada yangu. Lakini nikimpa pesa bila kidole kupita, hela hiyo imetoka mfukoni mwangu. Kwa hiyo namwambia arudi kesho, si kwa roho mbaya, ni kwa sababu sina neno jingine la kumwambia. Na nikiri jambo: nimewahi kumjaribu mama mmoja mara kumi na moja kwa siku moja. Alilia. Aliniuliza kama serikali inadhani amekufa.

Fundi wa mashine, Kilifi: Maneno ya wakala yananipeleka kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Chukulia lokesheni yenye wazee 400, na mashine inayowakataa 2 katika kila 100. Bosi anayesoma ripoti anaona 98 wamepita, anajisemea hao wawili watajaribu tena. Lakini makosa haya hayagawanywi kama karata, kila mtu zamu yake. Wazee 392 hata hawajui kuna kosa. Wanane ndio wanaokataliwa leo, kesho na mwezi ujao, maana vidole ni vilevile. Jaribio la pili humsaidia aliyeweka kidole vibaya. Aliyelika matuta halimsaidii kitu.

Kwa hiyo kumwonea mtu huruma kila mwezi si utaratibu. Mzee akishathibitika kuwa vidole vyake havisomeki, hilo liandikwe kwenye rekodi yake mara moja, na wakala yeyote akifungua jina lake alione na apewe njia ya pili hapohapo. Kitufe anachokililia wakala kiwepo, ila kwa hao wanane tu.

Mhasibu, Mombasa: Na hao wanane wakishajulikana wana mlango wao, mwezi ujao watakuwa themanini. Namjua binadamu.

Fundi wa mashine, Kilifi: Hesabu basi, wewe ni mhasibu. Wazee 400 kwa shilingi 2,000 ni 800,000 kwa mwezi. Wanane wote wakiwa hewa, umepoteza 16,000. Upande wa pili, wakiwa ni wazee wa kweli umewanyima chakula watu wanane ili kulinda hiyo 16,000. Wakifika themanini nakubali, hapo pana harufu. Lakini harufu hiyo unaiona kwenye rekodi: lokesheni moja ikiwa na waliosamehewa mara tano ya jirani zake, tuma mtu atembelee nyumba za hiyo moja. Usiwafungie wote.

Mhasibu, Mombasa: Hesabu nimeielewa. Bado swali langu ni nani anathibitisha. Ukisema naibu chifu, umeturudisha kwenye orodha ya karatasi niliyoanza nayo.

Mama wa kikundi, Gongoni: Naibu chifu peke yake hapana, hilo niko na Mhasibu. Lakini msimtoe kabisa, kwa sababu ndiye anayejua nani amekufa. Mtu akifia nyumbani kibali cha mazishi kinatoka kwake. Ukitaka kumkamata marehemu anayelipwa, linganisha vibali na orodha ya malipo. Kumvuta kila mzee aliye hai kwenye mashine ili kumtafuta mmoja aliyekufa ni kazi ya kinyume.

Kuna tundu lakini, nalisema kwa sababu ni letu. Sisi Waislamu tunazika siku hiyohiyo. Kibali mara nyingine hufuatiliwa baadaye, na mara nyingine hakifuatiliwi. Kwa hiyo orodha ya vibali pekee haitoshi.

Kijana wa Unguja: Huku kwetu Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016, ya kila mwenye miaka 70, shilingi 20,000 za Tanzania wakati huo, sasa 50,000. Sheha na wazee wenzake wanajuana sana, shehia si kubwa. Nadhani udogo wa eneo unasaidia kuliko mashine. Sijui kama hilo linafaa Nairobi, mtu hajui jirani yake wa ghorofa ya juu.

Wakala, Malindi: Mbona hatuwapi namba ya siri tu, tukamaliza?

Mama wa kikundi, Gongoni: Kwa wengine inafaa. Kwa nyanya wa miaka 78 asiyesoma, namba ya siri ni namba ya mjukuu. Nimeona imeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya kadi.

Fundi wa mashine, Kilifi: Na uso nao ujaribiwe, kwa uangalifu. India wastaafu huthibitisha kila mwaka kwamba wako hai. Tangu 2014 wameweza kutumia kidole au jicho badala ya cheti cha karatasi, na tangu Novemba 2021 wanaweza kutumia uso kwa simu ya kawaida. Kinachonivutia si teknolojia. Ni kwamba kuthibitisha uhai ni shughuli ya mara moja kwa mwaka, na kupokea pesa ni shughuli nyingine. Sisi tumezifunga pamoja, ndiyo maana kidole kikikataa siku moja chakula cha mwezi kinasimama. Uhai uthibitishwe mara moja au mbili kwa mwaka, nyumbani kwa asiyeweza kutembea, na mashahidi wawili wasiotoka nyumba moja wala ofisi moja. Katikati ya hapo alipwe.

Mhasibu, Mombasa: Akifa mwezi wa pili baada ya kuthibitishwa, unalipa miezi kumi ya bure.

Fundi wa mashine, Kilifi: Ndiyo, kama kibali hakikufika. Ni 20,000. Mimi naona ni gharama inayovumilika.

Mhasibu, Mombasa: Mimi sioni hivyo, ila mara mbili kwa mwaka ningeikubali. Tuache hapo.

Mama wa kikundi, Gongoni: Mjukuu, Inua Jamii inaruhusu mzee kuwa na mlezi anayesajiliwa ili amchukulie pesa. Wakati wakubwa wanabishana, uliza hilo. Kidole kitakachosomwa ni cha mlezi.

Mjukuu, Marereni: Asanteni. Jumatatu asubuhi tunajaribu kidole cha pete, kivulini, bila kubonyeza. Kikikataa nadai asajiliwe upya. La mlezi nimeshamwambia nyanya usiku huu. Amekubali, ila hataki niwe mimi. Anamtaka jirani yake wa zamani wa kule kwenye chumvi, ambaye ana miaka 71 na vidole vyake sijui vikoje.