Mrejesho: kapsheni ya binti yangu kutimiza miaka 16

Nilichouliza: "Binti yangu anatimiza miaka 16 Jumamosi. Nataka kumtania kidogo nikiposti picha yake, ila rafiki zake wote wananifuata. Niandike nini asinune?"

Wakuu, asanteni sana. Nilimsikiliza aliyesema nitanie tabia ambayo mwenyewe huicheka, nisiguse mwili, alama za shule wala wavulana, kisha nimwonyeshe kabla ya kuposti. Nikaandika:

"Miaka 16 leo. Husema 'nipo njiani' akiwa bado anatafuta kiatu cha pili, na bado anafika amependeza kuliko sisi tuliowahi. Hongera mama, ila keki haitakusubiri."

Alicheka, akaomba niondoe "mama" tu, eti hilo ni la nyumbani. Nikaweka jina lake. Rafiki zake wakajaza "nipo njiani" kwenye maoni, naye anawajibu mmoja mmoja.

Kilichogoma ni picha ya utotoni mliyoshauri, ile ya uji usoni. Aliikataa palepale, akachagua ya sasa. Ya uji nikaituma kundi la familia, shangazi yake naye akairusha kwenye ukurasa wake! Nilimpigia, akaifuta kabla binti hajaiona.