Tupeane uzoefu: wamekukata kiasi gani kwa yunifomu, chakula au kifaa kilichovunjika?

Mama Zuhura (Houston, Texas)

Habari zenu ndugu zangu mlio Marekani. Nafanya usafi wa vyumba hotelini, dola 8.25 kwa saa, tunalipwa kila wiki mbili. Cheki yangu ya kwanza ilikuja imekatwa dola 84, slipu imeandika "uniform" tu. Zile ni shati tatu zenye nembo ya hoteli na aproni mbili. Wiki ya kwanza nilifanya saa 40, ya pili saa 22 kwa sababu wageni walikuwa wachache. Cheki ya pili wakanikata tena dola 60, eti nimeunguza mota ya vakyumu. Vakyumu yenyewe niliikuta inanuka moshi tangu siku ninaanza, hata waya wake umefungwa selotepu.

Sitaki kugombana, nina miezi miwili tu pale. Nataka kusikia wenzangu yaliwakuta yapi, na kama haya makato yana mwisho wake.

Kijana wa Mwanza

Pole dada. Sheria iko wazi, mwajiri hawezi kukata zaidi ya robo ya mshahara wako, na kwa kitu kilichoharibika lazima kwanza ukubali kwa maandishi. Mwonyeshe hiyo.

Otis wa Minneapolis

Kaka, hiyo robo ni ya Tanzania. Kwetu Kenya wanasema makato yote yasizidi theluthi mbili. Mama Zuhura yuko Texas, akimpelekea bosi wake sheria ya Dodoma atachekwa.

Kijana wa Mwanza

Haya nimekosea nchi, samahani. Ila robo ni nzuri kuliko theluthi mbili, mkubali.

Binti Likoni

Mimi nilishaambiwa na mtu wa ofisini kwetu kwamba Marekani hawaruhusiwi kukata yunifomu kabisa. Ni kosa. Dai hela yako yote 84.

Mhasibu Mstaafu

Binti Likoni umeshika nusu yake. Nimefanya hesabu za mishahara kwenye mahoteli miaka kumi na minne, kwa hiyo niruhusuni nieleze taratibu.

Sheria ya nchi nzima haikatazi kukata yunifomu. Inachokataza ni yunifomu kuushusha mshahara chini ya kima cha chini, ambacho kwa serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na Texas wanatumia hicho hicho. Shati lenye nembo ni la faida ya mwajiri, kwa hiyo haliwezi kulipiwa na zile 7.25. Anaweza kugusa kile kilichozidi juu yake tu.

Mama Zuhura analipwa 8.25. Kilichozidi ni dola moja kwa kila saa. Wiki ya saa 40 nafasi ya kukata ni dola 40. Wiki ya saa 22 ni dola 22. Jumla 62, na hapo nimempendelea mwajiri kwa kugawa makato kwenye wiki zote mbili vizuri kabisa. Amekata 84. Dola 22 zimeingia ndani ya kima cha chini, na hizo lazima zirudi.

Angalieni kwamba hesabu ni ya wiki moja moja. Slipu inaunganisha wiki mbili, na hapo ndipo watu wengi hawaoni kitu. Mtu akifanya saa nyingi wiki hii na chache wiki ijayo, ukigawa wastani unaona mambo ni sawa, kumbe ile wiki nyembamba imetobolewa.

Hizo 22 zinazorudi, mwajiri anaweza kuzikata baadaye, wiki nyingine yenye nafasi. Asichoweza ni kuzitaka kwa mkono. Nimeona meneja anarudisha hela kwenye cheki, halafu anamwita mfanyakazi pembeni: "lete keshi." Ni makato yale yale.

Mama Zuhura

Mzee, asante sana. Na zile 60 za vakyumu? Kipindi hicho wiki moja nilipiga saa 48, nyingine 30.

Mhasibu Mstaafu

Hapa hutafurahi. Wiki ya saa 30 nafasi ni dola 30. Wiki ya saa 48, usihesabu 48. Kwenye wiki ya ovataimu makato hayaruhusiwi kuzidi yale ambayo yangewezekana kama ungeishia saa 40, kwa hiyo ni dola 40. Saa nane za ovataimu hazimwongezei yeye nafasi. Jumla ni 70, amekata 60. Kwa sheria ya nchi amepita, ingawa vakyumu ilikuwa mbovu. Sheria ile haiulizi nani aliharibu, inaangalia umebaki na nini mkononi.

Lakini hizo wiki hazikuwa na makato mengine? Yunifomu, vifaa na upungufu wa hela ya kaunta vinajumlishwa pamoja. Hawezi kusema kila kimoja kina nafasi yake.

Mama Zuhura

Hakuna mengine, ni vakyumu tu.

Fundi Gari Dallas

Dada, ulisaini karatasi yoyote ya vakyumu? Hapa Texas wanahitaji idhini yako ya maandishi kabla ya kukata kitu kama hicho, na karatasi iseme ni ya nini. Mimi walinikata 500 kwa jeki ya gari iliyopinda. Nalipwa dola 24 kwa saa, nikaenda mbio na hii habari ya kima cha chini. Yule mama wa ofisi ya kazi akanionyesha kwa upole: 24 toa 7.25 ni 16.75, mara saa 40, nafasi yangu ni dola 670 kwa wiki! Anayelipwa vizuri ile sheria haimsaidii kitu.

Kilichonisaidia ni kwamba jeki haikuwa na karatasi. Nilisaini ya yunifomu na ya bima peke yake. Nikapeleka malalamiko kwa Texas Workforce Commission. Wanataka ndani ya siku 180 tangu siku ile hela ilipotakiwa kulipwa. Usilale.

Mama Zuhura

Nilisaini makaratasi mengi siku ya kwanza, kama kumi hivi, sikusoma yote. Kesho naenda kuomba nakala.

Otis wa Minneapolis

Ulisaini basi imekwisha hiyo. Mimi nilishakubali yaishe.

Mhasibu Mstaafu

Hapana Otis. Saini inampa ruhusa ya kukata kile kilicho juu ya 7.25. Chini ya hapo hata ukisaini mara mia haifai, kima cha chini hakiuzwi na mfanyakazi mwenyewe.

Papa Goma

Bandugu, mimi niko Iowa, jikoni kwa nyumba ya wazee. Wanakata dola 4 kila shifti kwa ajili ya chakula. Mimi sili chakula yao, nabeba fufu yangu kutoka nyumbani. Wakati wa Ramadhani nilikuwa nafunga mwezi mzima na dola 4 zilikatwa kila siku. Nalipwa 7.25 kamili. Kwa hesabu ya mzee nafasi yangu ni sifuri, kwa hiyo wote ni wizi?

Mhasibu Mstaafu

Papa, chakula kina njia yake. Yunifomu inahesabiwa faida ya mwajiri, chakula kinahesabiwa faida yako wewe. Kwa hiyo kinaruhusiwa kuhesabika kama sehemu ya mshahara wenyewe, na keshi ikashuka chini ya 7.25. Mpaka wake ni mwingine: anakata gharama halisi ya kile chakula, bila faida hata senti. Kama sahani inamgharimu dola 2.60, hakati 4. Na rekodi za hiyo gharama ni yeye anatakiwa kuwa nazo.

Papa Goma

Lakini sikukula!

Binti Likoni

Chakula ambacho mtu hakupewa hakiwezi kuwa mshahara. Hii nina uhakika, safari hii sikuambiwa na mtu.

Mhasibu Mstaafu

Kama hakikupikwa kwa ajili yake, kweli. Kama kilikuwa mezani na yeye akakiacha, hapo mambo si mepesi. Kanuni imeandika chakula kipokelewe kwa hiari, lakini kwa chakula wakaguzi kwa kawaida hawaisimamii hiyo hiari. Ramadhani ningeipigania, maana walijua umefunga. Siwezi kukuahidi.

Nesi wa Tacoma

Na kwetu wanakata nusu saa ya chakula kila siku hata kama sijakaa chini! Wazee kumi na wanane, kengele inalia, nakula mkate nikiwa nimesimama kwenye korido.

Fundi Gari Dallas

Hilo ni jingine dada, wewe hukatwi chakula, unakatwa saa. Kama hukuachiwa kazi kabisa hiyo nusu saa, ni ya kulipwa. Andika kila siku ulipoitwa. Ila lifungulie mada yake.

Nesi wa Tacoma

Sawa, nilidhani ni kitu kimoja. Basi la yunifomu: sisi tunanunua skrabu wenyewe dukani, hakuna aliyekatwa.

Mhasibu Mstaafu

Ukilazimishwa kununua skrabu za rangi fulani kwa hela yako, zinahesabiwa kama umekatwa wiki ile uliyonunua. Wangesema tu "suruali nyeusi na shati jeupe, lolote", hiyo wanaiona ni nguo ya kawaida. Kwa mshahara wa Tacoma hushuki hadi kima cha nchi, lakini jimbo la Washington lina kima chake, kikubwa zaidi, na sheria zake.

Mhudumu wa Meza

Mimi San Antonio nilikuwa nalipwa 2.13 na bakshishi. Wateja wanne wakala wakatoroka, bili dola 38, bosi akanikata. Nilinyamaza, nikajua ndivyo ilivyo.

Mhasibu Mstaafu

Wewe ndiye huna nafasi hata ya senti moja. Akikulipa 2.13 na bakshishi ndiyo inakamilisha, tayari amekuweka kwenye kima cha chini. Hawezi kukata sahani iliyovunjika, bili iliyotorokwa wala aproni. Ilikuwa lini?

Mhudumu wa Meza

Mwaka na nusu uliopita.

Mhasibu Mstaafu

Upo ndani bado. Muda ni miaka miwili, mitatu kama alifanya kusudi. Kitengo cha mishahara cha Idara ya Kazi ni 1-866-487-9243. Ukiomba mkalimani wanakupa.

Binti wa Queens

Huku New York kukata kwa sababu umevunja kitu hakuruhusiwi kabisa, hata ulipwe dola 50 kwa saa. Meneja wetu alijaribu kwa skana iliyoanguka, mtu mmoja akamtumia kifungu cha 193 cha sheria ya kazi ya jimbo kwenye simu, hela ikarudi Ijumaa ile ile.

Mama Zuhura (siku tisa baadaye)

Narudi na habari. Nakala nimepewa. Karatasi ya yunifomu ipo na saini yangu ni kweli. Ya vakyumu haipo, ila kuna moja imeandikwa "mali yoyote ya kampuni", haisemi kiasi. Nilimpigia meneja hesabu ya zile wiki mbili kwenye bahasha, 40 na 22, akaitazama muda mrefu akaenda nayo ofisini. Cheki ya jana imeongezwa dola 22. Za vakyumu amesema nisubiri.

Fundi Gari Dallas

Hesabu siku 180 ukiwa unasubiri. Na ile karatasi ya "mali yoyote" ipige picha kabla haijabadilishwa.