Mlango wa mteja uko tayari, haji kuuchukua: niandikeje kuhusu ada ya kuhifadhi?

FundiLangoni: Assalam aleikum. Karakana yangu iko Langoni, Lamu. Nina mlango wa mbambakofi wa kuchonga, pande mbili na fremu yake, umekwisha hata mafuta. Mwenyewe yuko Mombasa, alitanguliza nusu, amebakisha 40,000. Nikimpigia simu hunambia "wiki ijayo inshallah". Nafasi ni finyu na oda nyingine inangoja. Nataka kumwandikia kwamba ikipita tarehe fulani nitatoza 100 kwa siku. Risiti ya oda haitaji ada hiyo. Nimwandikeje asione namfukuza, wala asije akanikatalia?

BinMkomani: Iko sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38. Mpe ilani ya siku 30, asipokuja uza. Na ada mhesabie tangu siku ile ulompigia simu.

KaraniWaBohari: Bin Mkomani, sheria ipo, lakini hiyo yalenga mali ya mteja mwenyewe, iliyoletwa kutengenezwa au kuwekwa. Fundi, kabla hatujaenda mbali: mbao ni zako au alileta yeye?

FundiLangoni: Zangu zote. Yeye alichagua nakshi tu.

KaraniWaBohari: Basi wewe ni muuzaji, na yakuhusu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Muuzaji akiwa tayari kukabidhi, akamwita mnunuzi, naye asichukue kwa muda wa kiasi, mnunuzi hulipa gharama za kiasi za kuitunza bidhaa. Kwa hiyo ujumbe wako ndio mwito wenyewe. Ada ianze mbele, baada ya mwito, kwa tarehe yenye jina la siku. Ukiihesabu tangu simu za nyuma atakuuliza, "Uliniambia lini?", na simu haikuacha maandishi. Ningeandika hivi:

"Assalam aleikum Bwana. Mlango wako, oda namba 27, pande mbili na fremu, uko tayari leo Jumatatu 2 Juni 2025. Baki ni shilingi 40,000. Nitauhifadhi bila malipo hadi Jumamosi 14 Juni, saa 11 jioni. Kuanzia Jumapili 15 Juni, ada ya kuhifadhi ni shilingi 100 kwa siku. Siku ya kuuchukua haihesabiwi. Ukimtuma mtu, nitumie jina lake na namba ya kitambulisho. Tafadhali nijibu kwamba umepata."

Usiandike "baada ya wiki mbili", kwani mmoja atahesabu tangu ulipotuma, mwingine tangu aliposoma. "Kabla ya tarehe 14" nayo huzua ubishi kama tarehe 14 yenyewe imo. Ile ya siku ya kuchukua pia iseme wazi. Akija Jumanne 24 Juni, utahesabu tarehe 15 hadi 23, siku 9, shilingi 900, jumla 40,900. Hesabu hiyo aweza kuifanya mwenyewe akiwa Mombasa.

Tuma kwa wasap pamoja na picha ya mlango iliyopigwa siku hiyo. Asipojibu, rudia kwa meseji ya kawaida, maneno yaleyale na tarehe zilezile. Ukibadilisha tarehe mara moja, hatakuamini tena.

UshoniShela: Nami nina magauni ya harusi hayajachukuliwa, vitambaa ni vya wateja. Niweke 50 kwa siku?

KaraniWaBohari: Dada, kwako ni tofauti. Kitambaa ni chao, na una haki ya kulizuia gauni hadi ulipwe ushonaji. Lakini anayezuia mali ili alipwe hawezi kumtoza mwenyewe kodi ya kuizuia, isipokuwa walikubaliana tangu mwanzo. Kwa hiyo ada iandike kwenye risiti za oda mpya, mteja aione kabla ya kuacha kitambaa. Kwa hayo yaliyokwisha, dai pesa ya kushona tu. Na hapo ndipo Sura ya 38 ya Bin Mkomani yaweza kukufaa.

MizigoMokowe: Msisahau bahari. Juni ni kusi. Mteja aweza kuleta lori hadi Mokowe tarehe 13 na mashua isivuke kwa mlango mzito kama huo. Siku hizo mtamtoza?

KaraniWaBohari: Mimi ningesimamisha hesabu, mradi amelipa baki na lori limefika kweli.

BinMkomani: Mimi nisingesimamisha. Alipewa siku 12, kwa nini angoje ya mwisho? Kuvuka ni juu yake.

FundiLangoni: Hilo la mashua nitalifikiria, sijaamua. Ujumbe natuma kesho, tarehe nazisogeza zifuate siku ya kutuma. Mlango je, niuegemeze ukutani wakati wa kungoja?

MizigoMokowe: Usiuegemeze, utapinda kwa unyevu. Ulaze juu ya vipande vitatu vya mbao vyenye unene sawa, hewa ipite chini, na usiuguse ukuta.